Makisio ya fimbo ya hoki: jinsi ya kuyatambua kwenye mpango wa biashara na kupima kama ukuaji wa ghafla unaaminika

Wasomaji wanaokaa kwenye kamati za mikopo za SACCOS na vikundi vya uwekezaji hukwama mahali pale pale. Wanapokea mpango wa biashara wenye miaka mitatu ya mauzo yaliyolala, kisha mauzo yanakunja kona na kupanda kwa kasi. Wanaona kuna kitu hakikai sawa, lakini wakimuuliza mwenye mpango wanajibiwa "soko ni kubwa" au "tukipata mtaji tutakua", na mjadala unaishia hapo.

Grafu ya aina hiyo ndiyo inayoitwa fimbo ya hoki. Kuwepo kwake si ushahidi wa uongo, kwa sababu zipo biashara ambazo kweli hulala muda mrefu kisha zikapanda. Kazi yako ni kujua kona imesababishwa na nini, na kama fedha inayoombwa inakigusa kitu hicho. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufanya hivyo kwa mpango mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mfano wetu ni kiwanda kidogo cha mikate Mbagala, kinachosambaza kwa maduka ya mtaani na kuomba shilingi milioni 60. Namba zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi, ila mpangilio wake utauona kwenye mipango mingi inayozunguka Dar es Salaam.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mauzo halisi ya miaka mitatu iliyopita, mwezi kwa mwezi. Jumla za mwaka pekee hazitoshi.
- Makisio ya miaka mitatu ijayo, nayo mwezi kwa mwezi. Mwenye mpango akisema hana ya miezi, mwambie ayaandae kwanza.
- Daftari la wateja, likionyesha nani anachukua kiasi gani, nani ameanza na nani ameacha.
- Risiti za malighafi kuu. Kwa mikate ni unga.
- Ripoti za Z za mashine ya EFD, taarifa ya Lipa Namba na taarifa ya benki.
- Ankara kifani ya mashine inayotaka kununuliwa, yenye uwezo wake umeandikwa.
- Kikokotoo, au Excel kama unayo.
- Asubuhi moja ya kutembea mtaani. Usiiruke.

## Hatua ya 1: Itafute kona

Andika mauzo yote kwenye mstari mmoja, ya nyuma na ya mbele, kisha chini yake weka ukuaji wa kila mwaka. Kwenye Excel, kama mauzo ya mwaka wa kwanza yapo B2 na ya pili C2, fomula ni hii:

```
=C2/B2-1
```

Mpango wetu unatoka hivi:

| Mwaka | Mauzo (milioni) | Ukuaji |
|---|---|---|
| 2023, halisi | 97 | – |
| 2024, halisi | 103 | 6% |
| 2025, halisi | 108 | 5% |
| 2026, makisio | 130 | 20% |
| 2027, makisio | 324 | 149% |
| 2028, makisio | 648 | 100% |

Usianze na grafu iliyomo ndani ya mpango. Grafu inaweza kunyooshwa au kubanwa mpaka kona ionekane ya kawaida, lakini asilimia hazifichiki. Hapa kona ipo mwaka 2027.

Itazame pia 2026, maana watu wengi huipita. Asilimia 20 inaonekana ndogo ikikaa kando ya 149, lakini ni mara nne ya ukuaji wa mwaka uliotangulia, na fedha yako itakuwa bado haijafika. Mpango ukikufikia katikati ya mwaka, linganisha miezi iliyokwisha pita na makisio yake. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na mara nyingi hakuna aliyekifanya.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema sentensi moja: "Mstari unakunja mwaka fulani, na mwenye mpango anasema sababu ni kitu fulani." Katika mfano wetu sababu iliyoandikwa ni tanuri jipya litakalofungwa Januari 2027.

## Hatua ya 2: Geuza shilingi kuwa mikate

Shilingi huchanganya mambo mawili, bei na wingi. Biashara inaweza kupandisha bei, mauzo yakaongezeka, na bado inauza mikate ile ile. Ndiyo maana kabla ya kupima chochote unagawanya mauzo kwa siku za kazi, halafu kwa bei.

Kiwanda chetu kinaoka siku 360 kwa mwaka. Mwaka 2023 kiliuza mkate kwa duka kwa shilingi 950, na tangu 2024 bei ni 1,000. Kama bei ipo C4, chini ya mstari wa ukuaji, na mauzo umeyaandika kwa milioni:

```
=C2*1000000/360/C4
```

Matokeo ni mikate 284 kwa siku mwaka 2023, mikate 286 mwaka 2024, na 300 mwaka 2025. Ile asilimia 6 ya mwaka 2024 ilikuwa karibu yote bei, kwani wingi uliongezeka mikate miwili tu kwa siku. Hii inabadilisha picha nzima, kwa sababu mpango unaoahidi kuongeza mikate mamia umeandikwa na biashara ambayo ndani ya miaka miwili imeongeza mikate 16.

Upande wa makisio bei imebaki 1,000, kwa hiyo tunapata mikate 361 kwa siku mwaka 2026, 900 mwaka 2027 na 1,800 mwaka 2028.

Sasa kumbuka kwamba hizo ni wastani. Biashara haiamki Januari Mosi ikiuza 900. Kama inaanza mwaka 2027 na 361 na inapanda sawasawa kila mwezi, ili wastani uwe 900 ni lazima Desemba ifike karibu 1,440. Ukiendelea hivyo hivyo, ili 2028 iwe na wastani wa 1,800, Desemba yake inafika 2,160. Hiyo ndiyo namba ambayo mashine, magari na wafanyakazi watatakiwa kuibeba, na haipo popote kwenye mpango. Wastani wa mwaka hulificha jambo hili kila mara, na hapo ndipo umuhimu wa makisio ya mwezi kwa mwezi unapoonekana.

Thibitisha kwa malighafi. Mfuko wa unga wa kilo 50 hutoa takriban kilo 80 za donge, na donge la gramu 450 huwa mkate wa gramu 400 baada ya kuoka. Ukiondoa upotevu kidogo, mfuko mmoja ni kama mikate 170. Mikate 300 kwa siku inahitaji mifuko 53 hivi kwa mwezi. Risiti za unga zikionyesha mifuko 40, mikate ni kama 227, na msingi wa makisio yote umeshayumba. Risiti za unga hueleza zaidi kuliko daftari la mauzo, kwa sababu hakuna anayenunua unga asiouhitaji.

Tahadhari: usiishie kwenye ripoti za Z peke yake. Wapo wanaouza bila kutoa risiti, hivyo ripoti ikawa chini ya mauzo ya kweli. Ziweke pamoja na Lipa Namba, benki na unga, uone kama vyote vinaelekea upande mmoja.

Umefaulu ikiwa una namba tatu za mikate kwa siku: ya leo, ya siku kona inapoanza, na ya mwezi wa mwisho wa makisio. Kwetu ni 300, 361 na 2,160.

## Hatua ya 3: Uliza ni nini kinachoushikilia mstari leo

Hapa nakuomba uende polepole, kwa sababu ndiyo hatua inayoamua.

Mauzo yaliyolala miaka mitatu yana kitu kinachoyazuia. Kinaweza kuwa mashine isiyotosha, wateja wachache, fedha ya kununulia unga, usafiri, au mtu mmoja anayefanya kila kazi. Kona inaaminika pale tu fedha inayoombwa inapokiondoa kizuizi hicho. Ikienda kwingine, mstari utaendelea kulala, na safari hii ukiwa na deni juu yake.

Mpango wetu unasema kizuizi ni tanuri. Basi uliza: tanuri la sasa linaweza kuoka mikate mingapi kwa siku? Mwokaji anajibu bila kusita kwamba likijaa linafika 400. Kiwanda kinauza 300. Kwa nini ile 100 haiokwi?

Swali hili moja huangusha mipango mingi. Kama tanuri lililopo lina nafasi ya theluthi nzima ya mauzo ya leo na haijazwi, tanuri kubwa zaidi haliwezi kuwa sababu ya kona. Kinachokosekana ni wateja, au njia ya kuwafikia.

Tanuri likiwa kizuizi cha kweli, dalili zake huonekana kwa macho. Mikate huisha mapema na wenye maduka wanalalamika. Kuna daftari la maduka yaliyoomba yakakosa, yenye majina na tarehe. Wafanyakazi wanaoka usiku na mchana. Omba kuonyeshwa. Mtu anayekataa oda kila siku hashindwi kuzitaja.

Litazame pia umbo la mstari wenyewe. Ukuaji unaoletwa na mashine huruka mara moja hadi uwezo mpya, kisha hutulia hapo, kwa sababu wateja walikuwa tayari wanasubiri. Ukuaji unaoletwa na wateja wapya hupanda kidogo kidogo. Mpango unaotaja mashine kuwa sababu, halafu mstari ukaendelea kupanda miaka miwili bila mashine nyingine, unajipinga wenyewe.

Umefaulu ikiwa unaweza kukitaja kizuizi na kuonyesha kama fedha inakwenda huko. Kwetu, kati ya milioni 60, milioni 42 ni za tanuri na milioni 18 ni za kirikuu kimoja. Hakuna shilingi iliyotengwa kwa kutafuta maduka.

## Hatua ya 4: Wahesabu wateja, kisha nenda ukawaone

Daftari linaonyesha maduka 30, kila moja likichukua wastani wa mikate 10. Desemba 2027 inataka mikate 1,440, yaani maduka 144. Mwaka huo unaanza na maduka 36, kwa hiyo yanatakiwa kuongezeka 108.

Lakini wapo wanaoondoka. Mwaka 2025 kiwanda kilipata maduka mapya 9 kikapoteza 7, kikatoka 28 hadi 30. Hiyo ni robo ya wateja kwa mwaka. Katika mwaka wenye wastani wa maduka 90, robo ni kama maduka 22. Ili kubaki na ongezeko la 108, inabidi kusajili maduka 130 ndani ya mwaka mmoja, ambayo ni 11 kila mwezi. Timu ile ile ilisajili 9 kwa mwaka mzima.

Waliotangulia kusoma mpango huu waliona "ukuaji wa asilimia 149" wakajadili kama ni mkubwa mno. Ukisema "maduka 11 mapya kila mwezi, nani atayatafuta?", mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Jibu la "Dar inakua" lijibu kwa sensa. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022. Hiyo ni wastani wa asilimia 2.1 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, mikate 300 inakuwa 306 baada ya mwaka. Ongezeko lililobaki lote litatoka kwenye rafu ambazo leo zimejaa mikate ya waokaji wengine, nao hawatakaa kimya wakitazama.

Kwa hiyo nenda. Amka mapema, fika maduka kama 10 ambayo mpango unasema yatakuwa wateja, kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Nunua kitu, salimia vizuri, uliza mambo manne:

"Mangi, mikate ya jana imebaki mingapi?"

"Ikibaki, anayekuletea anaichukua au hasara ni yako?"

"Unalipa taslimu au mali kauli?"

"Akija mwingine na mkate wake, utamchukulia mingapi?"

Swali la nne ndilo tunalolitaka, ila ukilianza hilo utapata jibu la heshima tu. Yale matatu ya kwanza yanamfanya azungumzie biashara yake. Mara nyingi utasikia kwamba ataanza na mikate mitatu au minne, kwa mali kauli, na inayobaki irudishwe. Basi duka jipya halianzi na 10. Andika majibu na urudi kwenye hesabu: duka jipya likianza na 4, kila mkate uliokisiwa unahitaji maduka mara mbili na nusu.

Kuhusu shule na supamaketi. Mipango hupenda kuzitaja kwa sababu oda moja ni kubwa. Omba kuona oda iliyosainiwa yenye kiasi, bei na siku za malipo. Barua ya "tuko tayari kushirikiana" haina mkate hata mmoja ndani yake. Shule ya kutwa, hata ikisaini, hainunui mwaka mzima: inafunga Juni, inafunga Desemba na haipo wikiendi. Oda ya mikate 150 kwa siku kama 195 za masomo ni wastani wa mikate 81 kwa siku ukiisambaza kwenye siku 360 za mpango. Angalia kama waliandika 150.

Umefaulu ikiwa una idadi ya maduka mapya kwa mwezi ambayo mpango unaihitaji, na kando yake idadi iliyowahi kufikiwa kweli.

## Hatua ya 5: Pima uwezo wa kuoka na kufikisha

Tuseme wateja wamepatikana wote. Je, kazi inafanyika?

Ankara ya tanuri jipya inasema linabeba mikate 96 kwa mkupuo mmoja. Mkate hukaa ndani kama dakika 30, lakini kupakia, kupakua na kusubiri joto lirudi kunafanya mkupuo uwe dakika 45. Donge la kwanza nalo lazima likandwe na kuumuka kabla tanuri halijapata kazi. Katika zamu ya saa 10, mikupuo 8 ni hesabu ya haki. Nane mara 96 ni 768, na ukiondoa asilimia 4 ya iliyoharibika unabaki na 737.

Kwa zamu moja, basi, tanuri jipya halifikii hata wastani wa 900 wa mwaka wake wa kwanza. Kwa zamu mbili ni 1,474, inayotosha Desemba 2027 kwa shida. Mwaka 2028 unaotaka 1,800 hadi 2,160 hauwezekani bila tanuri la pili, ambalo halimo kwenye bajeti. Tanuri la zamani, kwa mujibu wa mpango, litakuwa limeuzwa.

Wauzaji wa mashine huandika uwezo kwa saa wakati tanuri limejaa na halisimami. Usiuzidishe uwezo huo kwa saa 24. Tafuta mtu anayetumia mashine kama hiyo umuulize anatoa mingapi kwa zamu.

Baada ya kuoka, mkate unahitaji kama saa mbili kupoa kabla ya kukatwa slesi na kufungwa. Ukifungwa ungali moto, mvuke unabaki ndani ya mfuko na ukungu unawahi. Kwa hiyo kinahitajika chumba cha kupozea chenye rafu za kutosha mikate mamia kwa wakati mmoja. Angalia kama kipo kwenye ramani ya kiwanda.

Kisha njia. Mkate unatakiwa dukani kabla ya watu kunywa chai, tuseme kati ya saa 10:30 alfajiri na saa 1:30 asubuhi. Kushusha, kuhesabu iliyobaki, kupokea fedha na kwenda duka linalofuata huchukua kama dakika 4, na hizo ni dakika za siku isiyo na mvua. Kwa saa tatu, gari moja linahudumia maduka 45. Maduka 180 yanahitaji magari manne. Mpango una kirikuu kimoja.

Umefaulu ikiwa umeandika kikomo cha kila kituo, yaani tanuri, kupoza na kusambaza, na umejua kipi kinakoma mapema. Mauzo hayawezi kupita kikomo kidogo kuliko vyote. Kwetu ni usambazaji: maduka 45, yaani mikate 450 kwa siku.

## Hatua ya 6: Pima shimo la fedha

Watu hudhani biashara inayokua haraka inajaa fedha. Mara nyingi huishiwa, kwa sababu unga unalipiwa leo na mkate unalipwa wiki ijayo.

Maduka yetu yanalipa baada ya siku 7. Kwa mikate 300, fedha iliyo mikononi mwa watu ni 300 × 7 × 1,000, yaani milioni 2.1. Kwa mikate 1,800 ni milioni 12.6. Tofauti ya milioni 10.5 lazima itoke mahali. Ongeza akiba ya unga ya wiki: kutoka mifuko 12 hadi 74, na mfuko tukiukadiria shilingi 80,000, ni karibu milioni 5 nyingine. Hata supamaketi ikichukua mikate 200 kwa siku na kulipa baada ya siku 30, hiyo peke yake ni milioni 6 zilizokaa kwa watu. Mpango umetumia milioni 60 zote kwenye tanuri na gari.

Sasa marejesho. Mkopo wa milioni 60 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 19 inayopungua na salio, ni karibu milioni 2.2 kwa mwezi. Gharama zisizobadilika baada ya upanuzi, yaani kodi, mishahara ya zamu mbili, dereva na bima, ni milioni 4.5. Jumla ni milioni 6.7 kila mwezi. Kila mkate, ukishaondoa unga, hamira, sukari, nishati, mfuko na iliyorudi, unabakiza shilingi 220. Gawanya 6,700,000 kwa 220, kisha kwa siku 30: inatakiwa mikate 1,015 kwa siku ili kiwanda kisimame bila kupungukiwa.

Kwa kasi ya mpango wenyewe, kutoka 361 hadi 1,440 ndani ya mwaka, ongezeko ni mikate 90 kila mwezi. Itafika 1,015 baada ya miezi saba na kidogo. Katika miezi hiyo pengo ni wastani wa mikate 327 kwa siku, sawa na milioni 2.16 kwa mwezi. Jumla ni kama milioni 15.7. Hilo ni shimo la mpango ukitimia kama ulivyoandikwa.

Punguza kasi iwe nusu, mikate 45 kwa mwezi. Itachukua miezi 14 na nusu kufika 1,015, na shimo linakuwa zaidi ya milioni 31. Mpango haukushindwa, umechelewa tu, lakini kiwanda kimefunga katikati ya njia. Ndiyo maana huhitaji kumthibitishia mwenye mpango kwamba amekosea. Muulize akichelewa, fedha ya kungojea iko wapi.

Tahadhari: riba ikiwa haipungui na salio bali inakokotolewa juu ya mkopo wote hadi mwisho, rejesho ni kubwa zaidi. Soma mkataba wa mkopo wenyewe kabla ya kukokotoa.

Umefaulu ikiwa una namba mbili: mikate inayotakiwa ili rejesho lilipike, na ukubwa wa shimo kasi ikiwa nusu.

## Hatua ya 7: Mrudishie mwenye mpango masharti, si hapana tupu

Umegundua kwamba kizuizi ni maduka na usambazaji. Tanuri linakuja baada ya hapo. Basi andika jibu linalofuata mpangilio huo.

Sehemu ya kwanza ya fedha iwe ndogo: guta moja au kirikuu kilichotumika, mshahara wa mtu mmoja wa kutafuta maduka kwa miezi sita, na fedha ya kubebea mali kauli. Kwa mfano wetu milioni 20 hadi 25 zinaweza kutosha, kutegemea bei ya gari. Lengo lake ni kulijaza tanuri la zamani, yaani mikate 400 kwa siku, iliyothibitishwa na risiti za unga za mifuko 70 hivi kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo.

Katika miezi hiyo pima kitu kimoja kila wiki: maduka mapya yaliyobaki baada ya siku 30. Yaliyochukua mara moja na kuacha usiyahesabu. Jihadhari na Ramadhani na likizo za shule. Mwezi mmoja kati ya hiyo ukipanda au ukishuka, ulinganishe na mwezi wa aina hiyo hiyo wa mwaka uliopita, usiulinganishe na mwezi uliotangulia.

Fedha ya tanuri itolewe mikate 400 ikishafikiwa na daftari la oda zilizokosa mkate likiwa na maduka ya kutosha kujaza angalau zamu moja ya tanuri jipya, yaani mikate kama 340 juu ya ile 400. Hapo kona itakuwa na wateja wenye majina na mitaa. Miezi sita ikiisha na kiwanda kimebaki kwenye mikate 330, fedha ya tanuri inakaa benki, na makisio ya 2027 yanaandikwa upya kuanzia idadi ya maduka yaliyopo siku hiyo.